Vitu viwili vinayeyuka, neno ni moja: kuandaa somo la sayansi kwa Kiswahili na Kiingereza

Sukari ikikorogwa ndani ya chai, tunasema imeyeyuka. Barafu ikisahaulika juani, tunasema imeyeyuka pia. Hakuna mtu anayechanganyikiwa, kwa sababu kila msikilizaji anajua chai ni chai na barafu ni barafu. Lakini kwa mwalimu wa sayansi matukio haya mawili ni tofauti kabisa, na Kiingereza kimeyapa vitenzi viwili: melt kwa barafu, dissolve kwa sukari. Mwalimu akiorodhesha msamiati ubaoni na kuandika kwamba maneno yote mawili maana yake ni "kuyeyuka", kamusi haitamkosoa. Darasa ndilo litakalomlipa, siku ya mtihani, kwa sentensi kama "The sugar melted in the water."

Makala haya yanachukua somo hilo moja, la darasa la nne au la tano, na kuonyesha jinsi andalio lake linavyoweza kujengwa kwa lugha mbili bila lugha moja kuiharibia nyenzake. Linawahusu zaidi walimu wa Tanzania. Bara, shule za msingi za serikali hufundisha sayansi kwa Kiswahili, kisha mtoto anakutana na Kiingereza kitupu kidato cha kwanza. Zipo pia shule za msingi ambamo sayansi inafundishwa kwa Kiingereza huku watoto wakiendelea kufikiri kwa Kiswahili. Kote huko mtoto anavuka daraja lile lile, ila katika umri tofauti.

Tuanze na sayansi yenyewe, maana orodha ya maneno haiwezi kuwa safi kuliko uelewa wa aliyeiandika. Barafu inapoyeyuka, kitu ni kimoja: maji yaliyoganda yamepata joto yakawa maji ya kutiririka. Nta ya mshumaa ni hivyo hivyo, na mafuta ya kupikia ya kuganda pia. Kinachohitajika ni joto. Ukiondoa joto, kitu kinaganda na kurudi kilivyokuwa. Sukari ndani ya maji ni habari nyingine. Hapo vitu ni viwili, na kimoja kinasambaa ndani ya kingine katika chembe ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona. Joto halihitajiki. Maji ya moto yanaharakisha tu.

Mfano unaokata mzizi wa fitina ni chumvi. Chumvi ya mezani inasambaa ndani ya maji ya bomba kwa dakika moja au mbili za kukoroga. Chumvi hiyo hiyo, ikiwa kavu na peke yake, haiwi kimiminika mpaka ifikie nyuzi joto 801 za Selsiasi, kiwango ambacho jiko la kawaida la nyumbani haliwezi kuifikisha. Kama kilichotokea ndani ya glasi kingekuwa sawa na kilichotokea kwa barafu, glasi ingekuwa tanuri. Watoto wa umri huu wanapenda sana namba hiyo, na ni vizuri kuwapa, hata kama haitaulizwa mahali popote.

Sasa lugha. Baadhi ya walimu hutatua tatizo kwa kuleta neno "kumumunyika" kwa ajili ya sukari na kuliacha "kuyeyuka" kwa ajili ya barafu. Neno ni zuri, limo katika Kiswahili tangu zamani, na mtoto aliyewahi kuweka peremende mdomoni bila kuitafuna analielewa mara moja. Hata hivyo, si vyema kumkataza mtoto asiseme sukari imeyeyuka. Nyumbani watu wote wanasema hivyo, na vitabu vingi vya darasani vinasema hivyo pia. Ukimkosoa kwenye lugha yake ya kwanza, anajifunza kunyamaza. Njia nyepesi ni kumtaka amalizie sentensi: imeyeyuka kwa nini, au imeyeyuka ndani ya nini? "Mafuta yameyeyuka kwa joto." "Chumvi imeyeyuka ndani ya maji." Kiswahili kinatofautisha vizuri tu, ila kinafanya kazi hiyo kwenye mkia wa sentensi badala ya kwenye kitenzi. Mtoto akizoea kutaja mkia huo, nusu ya kazi ya Kiingereza imekwisha, kwa sababu Kiingereza nacho kinabeba mkia ule ule: dissolves in water, melts when it is heated.

Ndiyo maana katika andalio hili orodha ya msamiati haiandikwi mwanzoni mwa somo. Mazoea ni kuiweka juu ubaoni, darasa likaimba pamoja, kila mtu akanakili, kisha jaribio likafuata. Tatizo la mpangilio huo ni kwamba mtoto anapewa maneno mawili kabla hajaona matukio mawili. Kichwani ana sanduku moja linaloitwa "kuyeyuka", na maneno yote mawili ya Kiingereza yanatumbukia humo. Likishajaa hivyo ni kazi kulipanga upya.

Somo linahitaji vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Kila kundi la watoto watano au sita lipate glasi tatu au chupa za plastiki angavu zilizokatwa, kijiko cha chai, maji ya kawaida, chumvi, unga wa ngano kidogo, na kipande cha mafuta ya kuganda chenye ukubwa wa punje ya harage. Mwalimu awe na chupa ya maji ya moto, takriban nyuzi 60, na ayamimine yeye mwenyewe. Maji hayo hayachemki lakini yanaunguza, kwa hiyo hayashikwi na watoto.

Jaribu chumvi yako siku moja kabla. Chumvi nyingine za dukani zina viungo vya kuzuia isishikamane, na viungo hivyo vinaacha maji yakiwa na ukungu. Chumvi ya mawe nayo mara nyingi huja na mchanga. Ukigundua hilo mbele ya darasa, utatumia dakika kumi kueleza kitu ambacho hukukusudia. Angalia kipimo pia: kijiko kimoja cha chai kwa mililita 200 za maji kinatosha. Maji yana kikomo. Kwenye joto la kawaida, mililita 100 hubeba takriban gramu 36 za chumvi, basi. Kundi lenye shauku likimimina vijiko kumi na tano, punje zitabaki chini hata wakoroge mpaka jioni, na watasema kwa haki kabisa kwamba chumvi haiyeyuki.

Dakika kumi za kwanza ni za utabiri, kwa Kiswahili. Mwalimu anauliza: chumvi ikiwekwa ndani ya maji baridi itakuwaje? Mafuta ndani ya maji baridi je? Mafuta ndani ya maji ya moto? Unga? Kila mtoto anaandika jibu lake kabla ya kugusa chochote. Utabiri ni muhimu hapa kwa sababu wengi watasema kwamba chumvi inahitaji maji ya moto, na watasema mafuta "yatayeyuka" kwenye maji ya moto wakimaanisha yatapotelea humo kama sukari. Makosa hayo mawili ndiyo somo lenyewe.

Dakika 25 zinazofuata ni za jaribio. Glasi ya kwanza: maji baridi na chumvi, korogeni. Ya pili: maji baridi na unga, korogeni. Ya tatu: kipande cha mafuta ndani ya maji baridi, tazameni kwa dakika moja, kisha maji hayo yamwagwe na mwalimu amimine ya moto. Kinachotokea kwenye glasi ya tatu ndicho kinachoamua mjadala. Kipande cha mafuta kinalegea, kinakuwa kimiminika, kisha kinaelea juu kama macho ya duara. Kimeyeyuka kwa joto, ndiyo, lakini hakijasambaa ndani ya maji. Ukiiacha glasi ipoe, macho yale yanaganda tena juu ya maji. Upande wa pili kuna chumvi, iliyosambaa ndani ya maji baridi bila joto la ziada. Ukiziweka glasi hizo mbili jirani, mtoto ana ushahidi wa pande zote: kimoja kilipata joto kikayeyuka bila kusambaa, kingine kilisambaa bila kuhitaji joto.

Barafu, ukiwa nayo, iweke kwenye sahani kavu, usiiweke ndani ya maji. Barafu ndani ya glasi ya maji ni mtego. Mtoto anaona kitu kigumu kikitoweka ndani ya kimiminika, tena bila kukoroga, na kwa mantiki nzuri kabisa anakipanga pamoja na chumvi.

Kisha dakika 15 za majadiliano, bado kwa Kiswahili. Maswali mawili yanatosha: vitu vilikuwa vingapi, na joto lilihitajika au la? Hapa mwalimu atasikia neno "imepotea" au "imeisha". Hilo halipaswi kupita hivi hivi, kwa sababu mtoto anaweza kuwa anaamini hivyo kweli. Kama kuna mizani, pima gramu 100 za maji na gramu 10 za chumvi mbele yao, changanya, pima tena: mizani itasoma 110, ukiondoa uzito wa chombo. Kama hakuna mizani, mimina vijiko vichache vya maji ya chumvi kwenye sahani bapa na uiache juani. Kesho yake, au keshokutwa kukiwa na mawingu, chumvi itakuwa imerudi kama utando mweupe. Kuonja ni njia ya haraka, lakini mimi siipendi. Mtoto anayezoea kuonja vitu vya jaribio leo ataonja kingine mwakani, kwenye maabara.

Sasa ndipo orodha inakuja, dakika ya 50. Matukio yameshaonekana, yameshajadiliwa, na yako juu ya meza, kwa hiyo mwalimu anaonyesha glasi na kutaja jina lake. Maneno yenyewe ni haya:

kuyeyuka kwa joto: melt
kuyeyuka ndani ya maji, kumumunyika: dissolve
kupasha moto: heat
kukoroga: stir
yabisi: solid
kimiminika: liquid
myeyusho: solution
angavu: clear

Manane, basi. Kishawishi cha kuongeza majina ya kile kinachosambaa na kile kinachosambaza ni kikubwa, kwa sababu vitabu vya sekondari vinayo. Nimeyaacha kwa makusudi. Yanafanana sana kwa sauti, yanamtaka mtoto akumbuke lipi ni lipi, na hayamsaidii kujibu swali la somo hili.

Maneno matatu katika orodha yanahitaji muda wa ziada kuliko mengine. La kwanza ni heat. Kiswahili cha jikoni kinatumia "kuchemsha" hata kwa chakula cha jana kinachopashwa tu, kwa hiyo watoto huandika "boil" popote penye jiko. Maji ya nyuzi 60 hayajachemka. Waulize kama waliona mapovu yakipanda kwa nguvu. Kama hawakuona, neno ni heat.

La pili ni yabisi. Mtoto akifundishwa kwamba yabisi ni "kitu kigumu", atakataa kuyaita mafuta ya kuganda yabisi kwa sababu yanabonyea kwa kidole, na unga kwa sababu unamiminika. Mwambie yabisi ni kitu ambacho kila kipande chake kina umbo lake, hata kikiwa laini au kidogo kama punje. Kisha mpe kioo cha kukuza aangalie chumvi.

La tatu, na ndilo linalosababisha sentensi za ajabu zaidi, ni clear. Kwa Kiswahili cha kila siku maji safi yasiyo na rangi huitwa "meupe", na hakuna kosa lolote katika hilo. Mtoto anayahamisha kwenda Kiingereza na kuandika "The water is white." Mwalimu asiyejua Kiswahili angedhani amemwaga maziwa. Hapa glasi ya unga inafanya kazi yake: weka kipande cha karatasi chenye neno moja nyuma ya glasi ya chumvi, kisha nyuma ya glasi ya unga. Kwenye chumvi neno linasomeka, hiyo ni clear. Kwenye unga halisomeki, na maji hayo ndiyo meupe kweli. Ukiiacha glasi ya unga itulie, unga utaanza kushuka chini, dalili nyingine kwamba haukuwa umeyeyuka. Na kwa mtoto mwepesi wa kuuliza: chai ya rangi iliyochujwa vizuri ni angavu ingawa ina rangi, kwa maana mtu anaona kupitia humo.

Baada ya orodha, watoto wanapewa mifupa miwili ya sentensi, wajaze wenyewe kwa vitu walivyovishika:

____ melts when it is heated.
____ dissolves in ____.

Nafasi moja kwa mbili. Muundo wenyewe unabeba sayansi: palipo na kitu kimoja na joto, pana nafasi moja, palipo na vitu viwili, pana nafasi mbili. Mtoto anayejaribu kuandika "Fat dissolves in" atalazimika kutafuta neno la kuweka mwishoni, akiitazama glasi ambayo mafuta yanaelea. Kuhusu matamshi, inatosha kuwaambia kwamba herufi mbili za "s" katikati ya dissolve husikika kama "z".

Katika dakika hizi 15 za Kiingereza mwalimu asitafsiri kila sentensi aliyoitamka. Huu ndio ugonjwa mkubwa wa masomo ya lugha mbili. Mwalimu anasema kwa Kiingereza, papo hapo anarudia kwa Kiswahili, na baada ya siku chache watoto wanajua kwamba nusu ya kwanza ya maneno yake haiwahusu. Wanasubiri nusu ya pili. Dalili yake ni rahisi kuiona: vichwa vinainuka pale Kiswahili kinapoanza. Ni afadhali lugha zigawane vipande vya somo, kila moja na kazi yake, na katika kipande cha Kiingereza mwalimu anyooshe kidole kwenye glasi badala ya kutafsiri. Kwenye fomu ya andalio, ongeza safu moja nyembamba kando ya ile ya muda, iitwe "lugha", ujaze kwa kila hatua. Ukikuta hatua imeandikwa "zote mbili", igawe.

Zinabaki dakika 15 za tathmini, na hapa ndipo lugha mbili zinapomsaidia mwalimu kuliko zinavyomtwisha mzigo. Toa maswali matatu ya sayansi, yajibiwe kwa Kiswahili, na sentensi mbili za Kiingereza, zisahihishwe mbali. Chukua mtoto aliyeandika "The salt melts in the water." Je, hajui sayansi au hajui neno? Kwa sentensi hiyo peke yake huwezi kujua. Tazama jibu lake la Kiswahili kwa swali "Je, chumvi ilihitaji joto la ziada? Eleza." Kama ameandika kwamba haikuhitaji, imesambaa ndani ya maji, basi sayansi anayo na amekosa kitenzi tu, atasahihishwa kwa kurudishwa kwenye mifupa ya sentensi. Kama ameandika kwamba maji yaliipasha chumvi moto ikalainika, basi kumpa neno dissolve akariri ni kufunika kidonda. Huyo anarudi kwenye glasi ya mafuta, kwa Kiswahili.

Mtoto wa aina ya tatu anaandika "Salt dissolves in water" bila kosa, na kwa Kiswahili anasema chumvi imeisha. Karatasi ya Kiingereza peke yake ingempa alama zote. Kosa la kuacha "s" mwishoni mwa kitenzi, kwa upande mwingine, lisimpunguzie mtu alama katika somo hili. Lizungushie duara kwa penseli, mwalimu wa Kiingereza atalikuta.

Swali la mwisho la tathmini linaweza kuwa la peremende na la chokoleti, zote mdomoni. Peremende inasambaa ndani ya mate, kwa hiyo ni dissolve, na ingefanya hivyo hata kwenye kikombe cha maji baridi. Chokoleti inalainika kwanza kwa joto la mdomo, kwa hiyo ni melt, ingawa sukari iliyomo ndani yake inasambaa kwenye mate baadaye. Watoto watabishana, na wanaosema "zote mbili" kwa chokoleti wapewe alama.